Deni Lililopitwa na Muda: Mahakama Imefunga Mlango, Je, Dhima Imefutika?



Ndugu zangu wa Kiislamu, muhula uliopita, baada ya darsa ya Alhamisi, ndugu mmoja alibaki msikitini wenzake walipoondoka. Alikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya watu. Baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa mahindi hapa Uganda, alifariki mwaka 2024. Wiki chache baada ya maziko, mzee mmoja jirani alibisha hodi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi iliandikwa Juni 2012. Ilisema kuwa baba amekopa shilingi 3,500,000 na atazilipa ifikapo tarehe 31 Desemba 2012. Sahihi ya baba ilikuwepo, pamoja na sahihi za mashahidi wawili, ambao mmoja wao naye ameshatangulia mbele ya haki.

Mzee huyo hakuwahi kwenda mahakamani. Alikuwa akimkumbusha rafiki yake wakikutana sokoni au baada ya Ijumaa, na rafiki yake alikuwa akijibu, "Nivumilie kidogo." Ami wa huyu ndugu, mtu anayezijua ofisi na karatasi zake, aliisoma karatasi akaweka wazi kauli yake: "Mzee wangu, deni hili limekufa. Sheria inasema miaka sita, na sita imepita zamani." Mzee akaikunja karatasi yake, akaaga, akaondoka.

Swali la ndugu yetu lilikuwa fupi: "Ami alisema kweli?"

Ami alisema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba mahakama haitaipokea kesi ya mzee. Si kweli kwamba deni limekufa. Katika somo hili tutazitenganisha nusu hizo mbili, maana wengi wetu ama tunadaiwa ada na kodi ya chumba na wenzetu, ama tunawadai.

Sheria ya nchi inafunga mlango gani

Uganda ina sheria ya ukomo wa madai, yaani sheria inayopanga ni kwa muda gani mtu anaweza kumshtaki mwenzake. Kwa madai yanayotokana na mkataba, na mkopo wa fedha ni mkataba, muda ni miaka sita. Kenya na Tanzania nazo zimeweka miaka sita kwa mkataba, kwa hiyo msomaji wa nchi hizo asidhani jambo hili halimhusu. Mdai akipeleka hati ya madai ambayo yenyewe inaonyesha kuwa muda umepita, na haikueleza sababu ya kusamehewa inayokubalika kisheria, mahakama huikataa. Haiulizi kama fedha zilitolewa kweli au hazikutolewa.

Hapa ndipo penye ufunguo wa somo lote. Katika deni la mkopo kama hili, sheria inamzuia mdai kushtaki. Haisemi kuwa fedha zimekuwa mali halali ya mdaiwa. Ndiyo maana mdaiwa akiamua kulipa mwaka wa nane, malipo yake ni malipo ya kweli, wala hawezi kurudi mwaka wa tisa akidai arudishiwe kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Angekuwa hadaiwi kitu, tungesema amelipa kwa makosa. Lakini alikuwa akidaiwa.

Kwa nini basi mlango ukafungwa? Kwa sababu ushahidi nao huzeeka. Shahidi hufariki, risiti huliwa na mchwa, simu iliyokuwa na ujumbe huibwa. Mtu aliyelipa mwaka 2013 akipelekwa mahakamani mwaka 2030, atatoa wapi uthibitisho? Ukomo unamlinda mtu wa namna hiyo, na unamhimiza mdai asilale juu ya haki yake.

Saa inaanza lini, na nini kinaianzisha upya

Wanazuoni wetu wakitaka mfano humtaja Zaidi na Amri, nasi tuwatumie hao hao.

Zaidi alimkopesha Amri shilingi 1,200,000 za ada tarehe 10 Februari 2017, wakaandikiana kuwa zitalipwa ifikapo tarehe 31 Agosti 2017. Saa haianzi Februari. Inaanza siku ambayo Zaidi amepata haki ya kushtaki, yaani pale tarehe ya kulipa inapopita bila malipo. Miaka sita inahesabiwa kuanzia hapo, na inaisha mwisho wa Agosti 2023.

Lakini kama hawakuweka tarehe, wakasema tu "utanilipa ukipata", kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kwa kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo asili ya sheria yetu ya ukomo, mkopo wa kulipwa wakati wowote utakapodaiwa unahesabiwa kuwa umeiva siku ile ile ulipotolewa. Zaidi anadhani saa itaanza siku atakapodai, kumbe ilianza tarehe 10 Februari. Aya ndefu ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, inatutaka tuandike deni pamoja na muda wake maalumu. Anayeacha kuandika tarehe kwa kuona haya anajiumiza mwenyewe.

Sasa tuseme Amri alilipa shilingi 200,000 tarehe 15 Machi 2019, na kumbukumbu ya malipo ipo. Sheria inasema mdaiwa akilipa sehemu ya deni, haki ya kushtaki kwa kilichobaki inahesabiwa kuwa imezaliwa siku ile ya malipo. Saa inarudi mwanzo. Zaidi ana mpaka Machi 2025 kushtaki kwa shilingi 1,000,000 zilizobaki. Na kwa kuwa kiasi hicho hakizidi shilingi milioni 10, anaweza kutumia utaratibu wa madai madogo, ambao hauna gharama na mizunguko ya kesi kubwa.

Jambo la pili linaloianzisha saa upya ni kukiri deni, lakini kukiri huko lazima kuwe kwa maandishi na kuwe na sahihi ya mdaiwa au wakala wake. Neno la mdomo halitoshi. Amri akisema mbele ya watu kumi, "Ndugu yangu, nakumbuka, nitalipa," saa inaendelea kwenda kama kawaida. Na Zaidi akimdai kila Ijumaa kwa miaka sita, kudai huko hakuzuii hata siku moja.

Hapo ndipo mzee wetu alipoponyoka. Alikumbusha kwa mdomo, akajibiwa kwa mdomo. Saa yake ilianza baada ya tarehe 31 Desemba 2012 na kwa karatasi ile pekee iliisha mwisho wa Desemba 2018. Laiti mwaka 2017 angemwomba rafiki yake aandike mstari mmoja, "Bado ninadaiwa shilingi kadhaa na fulani," atie sahihi na tarehe, angeupata mlango wazi mpaka 2023.

Wanazuoni walilitazamaje jambo hili

Huenda ukadhani ukomo wa muda ni jambo la sheria za wakoloni tu, na kwamba katika fikihi halipo. Lipo, na limepangwa kwa uangalifu mkubwa.

Tangu karne ya 16, masultani wa Kiuthmani waliwakataza makadhi wao kusikiliza madai yaliyokaa zaidi ya miaka 15 bila udhuru. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836 na ambaye kitabu chake Radd al-Muhtar ni tegemeo la Mahanafi, alieleza maana ya katazo hilo. Kadhi ni wakili wa mtawala, na mtawala anaweza kuuwekea mipaka uwakili huo, akamwambia: kesi za namna hii usisikilize. Lengo ni kuzuia hila na madai ya kutunga. Lakini haki yenyewe haianguki. Kilichowekewa mpaka ni kazi ya kadhi, si dhima ya mdaiwa.

Baadaye jopo lililoongozwa na Ahmed Jevdet Pasha liliandika Majalla, mkusanyiko wa sheria za madai uliotoka kati ya 1869 na 1876. Kifungu cha 1660 kinataja miaka 15 kwa madai kama ya deni na amana. Kifungu cha 1666 kinaeleza kuwa kinachokatiza muda ni kudai mbele ya kadhi, na kwamba kudai nje ya mahakama hakukatizi. Kisha kinakuja kifungu cha 1674, ambacho ningependa kila mmoja wetu akihifadhi maana yake: haki haianguki kwa kupita zama. Ndiyo maana, kwa mujibu wa kifungu hicho, mdaiwa akikiri mbele ya kadhi kuwa bado anadaiwa, kupita kwa muda hakuangaliwi tena, naye anahukumiwa alipe. Mtu akidai kwamba mwenzake alikiri mahali pengine nje ya mahakama, hasikilizwi, isipokuwa kama kukiri huko kuliandikwa katika hati yenye mwandiko au muhuri unaojulikana wa mdaiwa, na muda haujapita tangu hati hiyo iandikwe.

Linganisha na sheria ya Uganda. Miaka ni tofauti, 15 dhidi ya 6, lakini mambo mawili yanafanana: kudai kwa mdomo hakusimamishi saa, na kukiri kwa maandishi kunaianzisha upya. Kinachotofautiana ni kwamba Majalla inaitamka wazi kanuni ambayo sheria ya kisasa haiitamki, kwamba muda unagusa usikilizaji wa kesi na hauigusi haki.

Je, ni halali kujikinga kwa muda?

Sasa turudi kwa ami. Yeye anajua kuwa fedha zilichukuliwa na hazikulipwa. Je, anaweza kusimama nyuma ya miaka sita na kusema, "Sidaiwi"?

Katika hadithi ya Bi Ummu Salama, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa yeye ni mwanadamu, watu humletea mashitaka yao, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa alichokisikia. Akaonya kuwa atakayepewa kwa njia hiyo kitu cha haki ya ndugu yake asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haigeuzi mali ya mtu kuwa halali kwa mwingine, vipi kalenda?

Kwa hiyo anayejua kwa yakini kuwa anadaiwa, muda haumtoi katika dhima. Akiwa na uwezo na akachelewesha, ni dhalimu kwa nassi ya hadithi. Akiwa hana, anangojewa, kama ilivyo katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, lakini kungojewa si kusamehewa.

Lakini kuna mtu mwingine ambaye ni haki yake kabisa kujikinga kwa muda. Ni yule aliyelipa kisha akapoteza risiti, au yule anayedaiwa jambo ambalo kwa dhati hajui kama lilikuwepo. Kwa ajili yake ndiyo masultani na mabunge waliuweka mpaka huu. Basi kipimo kiko ndani ya nafsi ya mdaiwa: sheria ya ukomo ni ngao ya asiyedaiwa, na anayejua kuwa anadaiwa akiishika ngao hiyo ameshika kitu kisicho chake.

Mdai anaruhusiwa kufanya nini

Mdai ambaye mlango wa mahakama umemfungia bado ana ulimi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kuwa mtu mmoja alikuja kumdai Mtume (S.A.W.) ngamia wake, akasema kwa ukali. Maswahaba wakataka kumwadabisha. Mtume akawazuia, akawaambia kuwa mwenye haki ana haki ya kusema. Kisha akaamuru apewe ngamia, na alipokosekana wa umri ule ule, akapewa aliye bora zaidi.

Kwa hiyo mdai anaweza kukumbusha, kuandika barua, kumtuma mzee au imamu amsemee, kuomba alipwe kidogo kidogo, na kuomba mdaiwa aandike upya. Kadhi wetu anaweza kusuluhisha kwa ridhaa ya pande mbili. Na akiamua kusamehe, ni hiari yake, wala muda haumsamehei kwa niaba yake.

Kuna mipaka mitatu. Kwanza, asitishie. Kumwambia mtu "nitakushtaki" huku ukijua kuwa huwezi ni kumdanganya, na kumtisha kwa polisi ni kuligeuza deni kuwa jinai. Pili, asimwaibishe kwa kubandika jina na picha yake kwenye makundi ya simu. Haki ya kusema ni ya kusema na mdaiwa na wanaoweza kusaidia, si ya kumvunjia heshima kwa kila mtu. Tatu, asidai nyongeza. Hapa mdai wa deni la zamani huumia kweli, maana shilingi 3,500,000 za mwaka 2012 zilinunua vitu vingi kuliko leo. Lakini Baraza la Fikihi la Kimataifa katika azimio lake la mwaka 1988, lililopitishwa Kuwait, lilisema deni la fedha hulipwa kwa idadi ile ile na si kwa thamani, ili mlango wa riba usifunguliwe. Mdaiwa akiongeza mwenyewe wakati wa kulipa, bila sharti wala ada iliyozoeleka, hilo ni wema, kama tulivyoona katika ngamia aliye bora.

Tulirudije kwa mzee

Ndugu yetu aliuliza pia kama watoto wanapaswa kumlipia baba yao. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, na aya ya 11 ya Suratun Nisaa imeweka mirathi baada ya wasia na deni. Warithi hawalazimiki kutoa mifukoni mwao kinachozidi mali hiyo, lakini wakigawana kabla ya kulipa wamegawana kisicho chao. Katika familia hii warithi wote walikuwa watu wazima, na hilo lilirahisisha kazi. Angekuwepo mtoto mdogo, ingefaa wapitie kwanza kwa mwenye mamlaka ya kusimamia mirathi, kwa sababu hakuna awezaye kutoa fungu la mtoto kwa huruma tu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuthibitisha. Walilinganisha sahihi na karatasi nyingine za baba, wakamwita shahidi aliyebaki, naye akasema anakumbuka. Hatua ya pili ilikuwa kutafuta kama baba aliwahi kulipa chochote. Katika daftari lake la zamani la mahindi wakakuta mstari wa tarehe 9 Agosti 2014: jina la mzee, na shilingi 1,000,000.

Ami alifurahi, kisha akakumbuka sheria yake mwenyewe. Malipo ya Agosti 2014 yaliianzisha saa upya, kwa hiyo muda haukuisha 2018 kama alivyomwambia mzee, bali Agosti 2020. Hata hivyo ulikuwa umepita. Mahakamani hawakuwa na la kuogopa.

Wakaenda nyumbani kwa mzee, ami akiwa mbele. Wakamwonyesha daftari. Mzee akavaa miwani, akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Kweli, wanangu. Alinipa siku ile ya mvua. Nilisahau." Likabaki deni la shilingi 2,500,000. Angalia hapa: daftari lile lile lililopunguza deni ndilo lililolithibitisha, na mzee asingekuwa mkweli, wangebaki kubishana.

Walikubaliana kulipa 1,500,000 baada ya kuuza shehena iliyobaki ghalani, na kilichobaki kabla ya Ramadhani. Mzee akasema shilingi 500,000 ameziachia. Alituonyesha kwa vitendo kisa cha Kaab bin Malik, aliyemdai Ibn Abi Hadrad msikitini mpaka sauti zikapanda, Mtume (S.A.W.) akafunua pazia la chumba chake na kumwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali, na hapo hapo mdaiwa akaamrishwa ainuke akalipe. Msamaha wa mdai ulifuatwa na malipo.

Walipomaliza kulipa, waliandika hati mbili zinazofanana: kiasi kilichokuwepo, kilicholipwa, kilichosamehewa, na kwamba hakuna kinachobaki. Mzee akatia sahihi, na karatasi ya mwaka 2012 ikachanwa mbele ya wote.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Mwenzako alikukopesha shilingi 300,000 Machi 2018, mkakubaliana ulipe Juni 2018. Hujalipa, hukuandika chochote baadaye. Anaweza kukushtaki leo? Unadaiwa leo?

2. Umedaiwa deni la miaka tisa. Unaamini ulilipa, lakini risiti huna. Utajibu nini, na kwa nini jibu lako ni tofauti na la ami?

3. Leo usiku fungua daftari au simu yako. Kuna mtu unayemdai au anayekudai bila tarehe? Mwandikiane, mtie sahihi, kabla saa haijawatangulia.

Wabillahi tawfiq.